Bure ya siku saba: makato matano katika kadi ya Maalim

Alkhamisi ya tarehe 3 Julai 2025, baada ya sala ya alasiri, jirani yangu hapa Wete alinijia barazani na simu mkononi. Ni mwalimu wa skuli ya sekondari, na katika maandishi haya nitamwita Maalim tu. "Bwana, kadi yangu imeibiwa," alisema, akanionyesha jumbe mbili za benki: moja ya tarehe 27 Juni na nyingine ya tarehe 1 Julai, kila moja ikieleza kwamba dola 39.90 zimekatwa na kampuni ambayo jina lake lilikuwa mkusanyiko wa herufi usiotamkika. Alinijia mimi kwa sababu kabla ya kurudi nyumbani nilikaa miaka kadhaa katika dawati la kadi la benki moja Unguja, na kazi yangu kubwa ilikuwa kusikiliza maneno kama hayo.

Nilimwomba afungue taarifa ya akaunti yake tangu mwanzo wa mwaka. Tulipoipitia tulikuta kwamba kampuni ile ile ilikwisha kukata mara tano: tarehe 11 Machi, 8 Aprili, 6 Mei, 27 Juni na 1 Julai. Jumla ni dola 199.50, ambazo baada ya kubadilishwa zilipindukia shilingi laki tano, na juu yake kulikuwa na ada ya benki kwa kila muamala wa fedha za kigeni. Jumbe tatu za mwanzo zilimfikia pia, lakini zilikuja katikati ya jumbe za umeme, za vifurushi na za makato ya mkopo, na hakuzisoma.

Sikuhitaji zaidi ya tarehe hizo ili kumwambia kwamba hakuibiwa. Mwizi aliyepata namba ya kadi hana sababu ya kuwa na subira. Huchota kinachochoteka siku hiyo hiyo, kwa viwango tofauti, mpaka kadi ikatae. Hapa kiwango kilikuwa kimoja, na kutoka tarehe 11 Machi hadi 8 Aprili ni siku 28, na kutoka 8 Aprili hadi 6 Mei ni siku 28 nyingine. Huo ni mwendo wa mashine iliyopewa ruhusa. Nikahesabu nyuma siku saba, muda wa majaribio mengi ya bure ya mtandaoni, kutoka makato ya kwanza, nikapata Jumanne ya tarehe 4 Machi, mwanzoni mwa Ramadhani, nikamuuliza kama usiku ule aliandika namba ya kadi yake mahali popote. Alikataa kwanza. Kisha akanyamaza kidogo, akasema: "Labda ile ya mtihani. Lakini ile ilikuwa bure."

Usiku wa mtihani

Kisa chenyewe ni cha kawaida sana. Maalim alikuwa na karatasi ya mtihani wa zamani iliyopigwa picha na kuhifadhiwa kama faili la PDF, naye alitaka kuigeuza iwe faili la Word ili abadilishe maswali machache kwa ajili ya Kidato cha Tatu. Baada ya tarawehe alitafuta mtandaoni, akapata tovuti iliyosema kwamba kazi hiyo hufanywa bila malipo. Akapandisha faili, akasubiri, akaona ukurasa wa kwanza wa mtihani wake ukiwa tayari umegeuzwa vizuri. Alipobonyeza ili alishushe faili, ndipo ilipotokea habari ya kadi.

Mpangilio huo haukuja kwa bahati. Tovuti ya aina hii haiombi kadi mlangoni, kwa sababu mlangoni mtu hajapoteza chochote na ataondoka. Humwachia afanye kazi dakika kumi au ishirini, humwonyesha matokeo, kisha huyashikilia. Wakati huo mtu hapimi tena kama huduma inafaa kulipiwa. Anapima kama yuko radhi kuanza upya mahali pengine, saa nne na dakika arubaini usiku, na asubuhi ana kipindi cha kwanza. Maalim aliona maandishi makubwa yasemayo "7 days free", akaona kiasi cha kulipa leo ni dola 0.00, akaandika namba ya kadi, tarehe ya kumalizika na tarakimu tatu za nyuma. Benki ikamtumia namba ya uthibitisho kwa SMS, akaiingiza. Akapata faili lake.

Siku tatu baadaye aliifuta programu ya tovuti ile kwenye simu, akaamini kwamba mambo yamekwisha. Aliingia hata katika orodha ya usajili ndani ya duka la programu la Google, akakuta hamna kitu, naye akatulia. Hapo ndipo wengi hukosea. Duka la programu huorodhesha usajili uliolipiwa kupitia duka lenyewe. Aliyeandika kadi yake moja kwa moja kwenye tovuti amefunga mkataba na tovuti, na duka halina habari naye. Ama kufuta programu, hakuna kinachofutika isipokuwa picha kwenye simu. Namba ya kadi na ruhusa ya kuikata haviko ndani ya simu bali viko kwa mfanyabiashara.

Maneno yaliyokuwa chini ya kitufe

Nilifungua tovuti ile kwenye kompyuta, nikafuata njia aliyopita Maalim mpaka kwenye ukurasa wa kadi, nikaishia hapo bila kujaza. Kitufe cha kijani kilisema "Start free trial". Chini yake, kwa herufi ndogo za kijivu juu ya rangi nyeupe, kulikuwa na sentensi moja ambayo naifasiri hivi: kwa kubonyeza kitufe unakubali kwamba baada ya jaribio la siku 7 utakatwa dola 39.90 kila wiki 4, moja kwa moja, mpaka utakapoghairi, kwa mujibu wa vigezo na masharti.

Nimsomee nani haki hapa? Maalim aliona amedanganywa, na mimi namwelewa, lakini sentensi ilikuwepo. Kuficha kwa namna hii si kutoandika. Ni kuandika pale ambapo jicho halifiki, kwa rangi isiyoita, wakati mkono tayari uko juu ya kitufe. Kwa hiyo mtu anayesoma ukurasa wa jaribio la bure asianze na maandishi makubwa. Aanze na herufi ndogo kabisa zilizo karibu na kitufe, na ndani yake atafute neno la Kiingereza "then" au "after", kwa maana bei ya kweli huja baada ya neno hilo. Ikiwa ukurasa unaomba kadi na hakuna sentensi ya namna hiyo popote karibu na kitufe, basi hilo ni baya zaidi, kwa sababu bei imezikwa katika masharti marefu.

Katika sentensi ile kulikuwa na jambo jingine ambalo hata mimi huwa nalirudia mara mbili kulisoma. Haikusema kila mwezi. Ilisema kila wiki 4. Masikioni ni karibu kitu kimoja, lakini mwaka una miezi 12 na una vipindi 13 vya wiki nne. Anayedhani analipa dola 478.80 kwa mwaka kwa kweli analipa 518.70, na tarehe ya makato haikai mahali pamoja. Kila mwezi hurudi nyuma siku mbili au tatu, hivyo mtu hazoei kwamba "tarehe fulani hukatwa kitu". Lau Maalim asingeghairi, Julai ingekuwa na makato mawili, la tarehe 1 na la tarehe 29.

Ujanja huo wa wiki nne una ndugu yake, ambaye namtaja kwa sababu ndiye anayewaumiza watu wa kazi za picha na uandishi: bei inayoonyeshwa kwa mwezi huku mkataba wenyewe ni wa mwaka. Maneno ya kutazama ni "billed annually", maana yake mwaka mzima unakatwa kwa mkupuo, au "annual, paid monthly", maana yake unalipa kidogo kidogo lakini umefungwa mwaka mzima, na ukitaka kutoka katikati unaweza kudaiwa sehemu ya miezi iliyobaki.

Namna tulivyoyasoma masharti marefu

Baada ya hapo tulifungua masharti yenyewe. Yalikuwa marefu kama hati ya shamba la urithi lenye warithi waliogombana, na sikumshauri Maalim ayasome kutoka juu hadi chini, kwa sababu hatayamaliza, na asiyemaliza huishia katika sehemu za mwanzo ambazo hazina fedha ndani yake. Nilitumia kitafutio cha ukurasa, ambacho kwenye kompyuta hufunguka kwa Ctrl+F na kwenye simu hupatikana katika menyu ya kivinjari, nikaandika neno moja moja: "trial", "renew", "cancel", "refund". Maneno manne hayo yalitupeleka penye aya zote zilizokata fedha zake.

Aya ya "trial" ilieleza saa. Ilisema kwamba jaribio huanza dakika ambayo kadi imekubaliwa, na kwamba asiyetaka kuendelea ni lazima aghairi angalau saa 24 kabla ya jaribio kumalizika, kwa saa za UTC. Maalim alianza saa 4:40 usiku ya tarehe 4 Machi. Siku saba zake zilikuwa zinamalizika Jumanne ya tarehe 11 saa kama hiyo, lakini mlango wa kughairi ulifungwa Jumatatu ya tarehe 10 saa 4:40 usiku. Siku saba za matangazo, kwa hiyo, zilikuwa sita za kufanyia uamuzi. Sharti hilo la saa 24 si la tovuti za mashaka peke yake. Hata Apple huwaambia wateja wa duka lake waghairi jaribio angalau saa 24 kabla ya mwisho. Na kuhusu UTC, sisi tuko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo barua iliyoandikwa 19:40 ni 22:40 ya hapa, yaani saa 4:40 usiku kwa hesabu yetu. Mtu anayechanganya saa ya Kiswahili, saa ya simu na saa ya kampuni katika usiku wa mwisho anajitafutia balaa. Mimi huandika kwenye kalenda ya simu siku mbili kabla, na sijali hesabu ya dakika.

Aya ya "renew" ndiyo iliyotoa ruhusa. Humo Maalim alikubali kwamba kampuni ihifadhi njia yake ya malipo na kuitumia bila kumuuliza tena, na kwamba bei inaweza kubadilishwa kwa taarifa ya barua pepe. Kulikuwa na maneno kwamba kadi ikikataa, kampuni inaweza kujaribu tena. Haya tutayarudia, kwani ndiyo yaliyoeleza tarehe 27 Juni.

Aya ya "cancel" ilitaja njia: kuingia katika akaunti na kufuata "Manage subscription", au kuandika kwa barua pepe ya huduma kwa wateja. Na ilisema wazi kwamba kufuta programu, kuacha kutumia huduma au kufuta mafaili si kughairi. Maalim aliposoma hapo alicheka kicheko kisicho na furaha.

Aya ya "refund" ndiyo ambayo ningependa msomaji wa visiwani aisome polepole. Ilianza kwa ukarimu: mteja ana siku 14 za kujitoa na kurejeshewa. Sentensi ya pili ikaongeza kwamba haki hiyo ni kwa wakaazi wa nchi za Umoja wa Ulaya. Kisha ikasema kwamba kwa wengine wote malipo hayarejeshwi, yaani "non-refundable", isipokuwa kampuni yenyewe ikiamua. Masharti mengi hubeba vifungu vya nchi nyingi kwa pamoja, na msomaji wa Pemba akikuta haki nzuri hana budi kwanza kuuliza imeandikiwa mkaazi wa wapi.

Kwa nini benki haikuuliza tena

Maalim alinipinga kwa hoja nzuri. Alisema kwamba kila anaponunua kitu mtandaoni benki humtumia namba ya uthibitisho, sasa vipi makato matano yapite bila namba? Jibu ni kwamba namba ilitumwa, mara moja, usiku wa tarehe 4 Machi. Muamala wa dola 0.00, au katika tovuti nyingine wa dola 1 unaorejeshwa, haukusudiwi kuchukua fedha. Unathibitisha kwamba kadi ni hai na kwamba mwenyewe yupo, kisha kadi inawekwa katika kumbukumbu za mfanyabiashara. Makato yanayofuata huitwa makato yaliyoanzishwa na mfanyabiashara. Mwenye kadi hayupo mbele ya skrini, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa namba. Kwa maneno mengine, ile SMS ya dola sifuri ndiyo iliyokuwa saini, ijapokuwa ilionekana kama ndiyo isiyo na uzito kuliko zote.

Ama pengo la Juni, ufafanuzi wake ulikuwa katika akaunti yenyewe. Makato ya tarehe 3 Juni yalikuwa yaje, lakini ilikuwa wiki ya Idi Kubwa na akaunti ilikuwa haina kitu. Benki ikakataa kwa salio kutotosha. Mashine ya mfanyabiashara haikukata tamaa. Mifumo hii hurudia kujaribu siku kadhaa, na mingine imefundishwa kupendelea siku ambazo watu hulipwa mishahara. Tarehe 27 Juni akaunti ya Maalim ilipata mshahara, na deni la tarehe 3 likachukuliwa. Siku nne baadaye kalenda ya wiki nne ikafika zamu yake ya kawaida, ikachukua tena. Makato mawili ndani ya siku tano ndiyo yaliyomfanya aone wizi, na kwa hakika ndiyo yaliyomwokoa, maana bila hayo angeendelea.

Kughairi, kisha kadi, na si kinyume chake

Maalim alitaka kwanza aende benki akafunge kadi. Nilimzuia, si kwa sababu ni vibaya, bali kwa sababu si hatua ya kwanza. Kufunga kadi hakuvunji mkataba. Kunakatisha njia moja ya malipo tu. Tena mitandao ya kadi, Visa na Mastercard, ina huduma za kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya mteja anapobadilishiwa kadi, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Benki ikiwa imejiunga na huduma hiyo, mtu anaweza kupata kadi mpya leo na makato yale yale yakaifuata.

Basi tulianza kwa kughairi. Ilituchukua karibu nusu saa, nyingi kati yake ikiwa ni kukumbuka ni barua pepe ipi aliyoitumia. Ilikuwa ya zamani ambayo huifungua mara moja kwa muhula. Ndani yake, katika sehemu ya matangazo, tulikuta barua sita za kampuni: ya kukaribishwa na risiti tano. Ile ya kwanza ilieleza bei, tarehe na njia ya kughairi. Ukurasa wa kughairi ulikuwa na skrini nne. Ya kwanza iliuliza sababu, ya pili ikatoa punguzo la nusu bei, ya tatu ikapendekeza kusimamisha kwa miezi miwili, na katika kila moja kitufe kikubwa chenye rangi kilikuwa "Keep my plan" na kile cha kuendelea kughairi kilikuwa maandishi ya kijivu yasiyofanana na kitufe. Skrini ya tatu ni hatari kuliko zote, kwa sababu aliyesimamisha huona neno la kutuliza moyo na kuondoka, na baada ya miezi miwili saa inaanza kugonga tena. Tuliendelea mpaka tukapata barua iliyosema usajili umeghairiwa, yenye tarehe na namba ya kumbukumbu, tukapiga picha ya skrini.

Malalamiko ya aina hii si ya wanyonge wa visiwani peke yao. Mnamo Septemba 2025 kampuni ya Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi iliyofunguliwa na tume ya biashara ya Marekani, iliyodai kwamba wateja waliingizwa katika usajili wa Prime bila ridhaa iliyo wazi na kwamba njia ya kutoka ilifanywa ngumu kwa makusudi.

Fedha zilizorudi na zisizorudi

Siku hiyo hiyo Maalim aliiandikia kampuni barua fupi. Nilimshauri asiandike matusi wala neno wizi, bali ataje tarehe, kiasi, namba ya kumbukumbu ya kughairi, na aeleze kwamba tangu tarehe 4 Machi huduma haikutumiwa hata mara moja, jambo ambalo kampuni inaweza kuliona katika kumbukumbu zake. Usiku huo huo walimjibu kwamba watamrejeshea makato ya tarehe 27 Juni na 1 Julai, dola 79.80, na kwamba yale ya nyuma hayarejeshwi. Kampuni nyingi hufanya hivyo. Kurejesha la mwisho au mawili huwagharimu kidogo kuliko kushughulika na pingamizi benki, yaani mteja kuiomba benki yake imrudishie fedha alizokatwa.

Yalibaki makato matatu, na hapo palihitaji haraka. Kadi yake ilikuwa ya Mastercard, na kwa pingamizi la mteja la namna hii muda wa kawaida katika kanuni za mtandao huo ni siku 120 tangu muamala. Siku 120 kutoka tarehe 11 Machi zilikuwa zinamalizika tarehe 9 Julai, na benki nayo huhitaji siku zake za kuandaa karatasi. Alikwenda tawini asubuhi ya Ijumaa ya tarehe 4.

Kabla hajaenda tulijadili neno moja ambalo lina uzito kuliko yote kwenye fomu, nalo ni sababu ya pingamizi. Ofisa anayeharakisha foleni huandika kwamba mteja hautambui muamala, kwa sababu ndiyo sababu rahisi. Kwa kisa hiki hiyo ni sababu ya uongo, na tena ni sababu itakayoshindwa: mfanyabiashara ataonyesha kwamba kadi ilithibitishwa kwa namba ya SMS ya mteja mwenyewe, na mambo yataishia hapo. Sababu ya kweli ilikuwa kwamba hayo ni makato ya kujirudia ambayo mteja hakuelezwa kwa uwazi. Maalim aliandika hivyo, akaambatanisha picha ya ukurasa ikionyesha ukubwa wa herufi chini ya kitufe.

Pingamizi lilishindwa. Kampuni iliwasilisha picha ya ukurasa ule ule, barua ya kukaribishwa, na risiti. Kwa upande wa kanuni, nadhani waliohukumu hawakukosea. Tangu 2022 Mastercard humtaka mfanyabiashara wa usajili aonyeshe bei na masafa ya makato penye malipo, atume uthibitisho wenye maelezo ya kughairi, na atume risiti kila anapokata. Vyote hivyo vilikuwepo, hata kama vilivaa nguo za kijivu. Mtandao huo pia hutaka ukumbusho kati ya siku 3 na 7 kabla ya jaribio kumalizika, lakini kwa majaribio yanayozidi siku 7. Jaribio la Maalim lilikuwa la siku 7 barabara. Sitashangaa nikiambiwa kwamba idadi hiyo haikuchaguliwa kwa sababu wiki ni kitu kizuri.

Alikuwa na njia ya kuendelea. Asiyeridhika na jibu la benki yake anaweza kupeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, lakini lalamiko hilo huwa juu ya namna benki ilivyomhudumia, na hapa benki ilifanya kazi yake. Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar ipo kwa ajili ya walaji, na ningemtuma huko bila kusita kama muuzaji angekuwa na duka Darajani. Kwa tovuti isiyo na ofisi wala wakala hapa, sikuona ingemfikisha wapi kwa dola 119.70.

Mwezi wa Agosti alihitaji tena kugeuza faili, na safari hii alichukua jaribio la kampuni nyingine. Aliniuliza kama atumie kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni ya simu, ile ambayo mtu huiwekea fedha kidogo kidogo kutoka kwenye akaunti ya simu. Nilimwambia ni kinga nzuri kwa maana moja tu: isipokuwa na fedha, makato yatakataliwa. Haivunji mkataba, mashine itaendelea kubisha hodi, na siku atakapoweka salio kwa ajili ya kitu kingine litaondoka kwanza hilo. Akaitumia, lakini kabla ya kuandika namba alitafuta aya ya "cancel" ili ajue kama anayeghairi mapema hupoteza siku zilizobaki. Baadhi ya huduma humfungia mtu papo hapo, nyingine humwacha mpaka mwisho. Hii ilikuwa ya aina ya pili. Akashusha faili lake, akaghairi dakika tano baada ya kujisajili, akanitumia picha ya barua ya uthibitisho. Ilisema jaribio lake litabaki wazi hadi wiki inayofuata saa 20:05 UTC, na chini yake yeye mwenyewe alikuwa ameandika kwa mkono: saa tano na dakika tano usiku, kwetu.